Kipepeo wa bawa lililovunjika: grafu inaonyesha kilele cha faida, akaunti inaonyesha hasara

BintiKizingo

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimefungua muundo wa opsheni uitwao kipepeo wa bawa lililovunjika kwa mara ya kwanza, na kuna jambo katika akaunti yangu ambalo nimeshindwa kulipatanisha na yale niliyojifunza. Naleta namba zangu hapa, nikiwa nimezizungusha kidogo ili zisomeke, mnisaidie kuzichambua.

Fahirisi ya XSP ya Marekani ilipokuwa 600, zikiwa zimesalia siku 35 mikataba iishe, nilinunua puti moja ya 590, yaani haki ya kuuza kwa bei hiyo, kwa 6.90, nikauza puti mbili za 580 kwa 4.50 kila moja, kisha nikanunua puti moja ya 560 kwa 1.90. Nilipokea 9.00 na kulipa 8.80, nikabaki na 0.20. Kwa kuwa mkataba wa XSP huzidishwa mara 100, hizo ni dola 20 kabla ya kamisheni. Bawa la juu lina upana wa pointi 10 na la chini lina pointi 20. Nilichokipenda ni kwamba muundo huu husemwa kuwa "bila hatari upande mmoja": soko likipanda, au likisimama palepale, puti zote nne zitakufa bila thamani na dola 20 zitabaki kwangu, na likishuka na kutulia 580 siku ya mwisho nitapata dola 1,020.

Sasa siku tano tu zimepita na XSP imeshuka hadi 580 yenyewe. Mahali palepale ambapo grafu ina kilele, akaunti yangu inaonyesha hasara ya dola 150. Nimeipitia mara tatu, jana usiku na leo asubuhi kabla ya kwenda kazini, na sioni kosa la hesabu. Je, dalali ananionyesha bei zisizo sahihi, au kuna kitu sijakielewa?

Nahodha_Likoni

Dada, usihangaike. Bei ni sahihi. Soko likianguka kwa haraka, mtikisiko unaotarajiwa hupanda, na puti ulizouza huvimba pamoja nao. Woga ukipoa zitanywea, nawe utaona faida yako. Mimi naendesha muundo huu kila mwezi na hali hiyo nimeiona mara nyingi.

Ila nikwambie kosa lako lilipo: krediti ya dola 20 ni ndogo mno. Ungeusogeza mguu wa mwisho chini zaidi, ukanunua 555 badala ya 560, ungelipa 1.55 badala ya 1.90 na kupokea dola 55. Mguu huo uko mbali na soko, kwa hiyo hatari nayo iko mbali zaidi.

BintiKizingo

Ahsante, kaka. Nimeelewa habari ya mtikisiko, lakini naomba unisaidie hapa: kama mtikisiko ungebaki ulivyokuwa, ningekuwa na faida leo?

Mzee wa Tudor

Mwanangu, swali hilo la pili ndilo lenye uzito, na jibu lake ni kwamba usingekuwa na faida ya maana hata mtikisiko usingepanda. Nahodha ameeleza sehemu ya sababu. Sehemu kubwa zaidi ni siku 30 zilizobaki.

Tazama bei za leo katika akaunti yako. Bila shaka zinakaribia hizi: puti ya 590 ni kama 17.50, ya 580 ni kama 12.65, na ya 560 ni kama 6.10. Puti yako ya 590 ina pointi 10 za thamani halisi, kwa sababu soko liko 580, na 7.50 zilizobaki ni bei ya muda. Puti ya 560 yote ni bei ya muda, 6.10. Kwa hiyo unamiliki 10 halisi pamoja na 13.60 za muda. Upande wa pili umeuza puti mbili ambazo soko limesimama juu yake hasa, na hapo ndipo bei ya muda huwa nene kuliko mahali pengine popote. Unadaiwa 25.30, zote za muda. Ukitoa 23.60 katika 25.30 unapata 1.70, ambayo ndiyo gharama ya kuufunga muundo huu leo. Ulikwisha kupokea 0.20, kwa hiyo hasara yako ni 1.50, nazo ndizo zile dola 150. Dalali wako hajakosea.

Kilele unachokiona kwenye grafu ni cha siku ya mwisho pekee. Siku hiyo bei ya muda huondoka yote, deni lako la 25.30 linakuwa sifuri, na zile pointi 10 halisi zinabaki zako. Kabla ya hapo kilele hakipo. Programu nyingi za madalali hukuruhusu kubadilisha tarehe ya grafu, basi iweke leo badala ya siku ya kuisha, kisha ongeza mtikisiko kwa pointi nne, uone mstari unavyolala. Utaona kwamba unateremka kuelekea kushoto bila nundu yoyote. Mtu anayefungua muundo huu anapaswa kuutazama mstari huo kwanza, kwa maana ndiyo njia atakayoipita, ilhali ule wa mwisho ni mahali ambapo huenda asifike.

Jambo la pili ni lile neno "bila hatari upande mmoja". Ni kweli kwa namna yake, lakini inafaa kujua hiyo hatari ilipelekwa wapi. Ugawe muundo wako vipande viwili. Cha kwanza ni kipepeo wa kawaida mwenye mabawa sawa: nunua 590, uza mbili za 580, nunua 570. Siku ile puti ya 570 ilikuwa kama 2.95, kwa hiyo kipepeo huyo angekugharimu 0.85. Hasara yake kubwa kabisa ingekuwa dola 85, soko lipande au lianguke. Kipande cha pili ni spredi ya puti: uza 570 kwa 2.95, nunua 560 kwa 1.90, upokee 1.05. Puti ya 570 uliyoinunua katika kipande cha kwanza na ile uliyoiuza katika cha pili zinafutana, na ndiyo maana huioni katika akaunti. Lakini spredi ipo. Toa 0.85 katika 1.05 na utapata ile 0.20 yako.

Kwa hiyo zile dola 85 ambazo ungezipoteza soko likipanda hazikufutwa na ufundi wowote. Ulizilipia kwa kuuza bima ya dola 1,000 chini ya 570. Shehena ikihamishwa yote upande mmoja wa jahazi haipungui hata ratili moja, na upande wa pili ukiinuka juu ya maji si dalili kwamba jahazi limekuwa jepesi. Hasara yako kubwa sasa ni upana wa bawa la chini, 20, ukitoa upana wa bawa la juu, 10, ukitoa krediti 0.20, yaani 9.80, au dola 980. Ndicho kiasi ambacho dalali amekifungia kama dhamana, na kwa shilingi kama 129 kwa dola kinapita shilingi 126,000.

Sasa nimjibu Nahodha kuhusu 555, kwa sababu ushauri ule unasikika vizuri na una nusu ya ukweli. Ni kweli krediti inapanda kutoka dola 20 hadi 55. Lakini mahali unapoanza kupoteza siku ya mwisho hapategemei mguu wa mbali, panategemea bawa la juu na krediti tu. Kwa 560, unaanza kupoteza chini ya 569.80. Kwa 555, unaanza kupoteza chini ya 569.45. Umejipatia nafasi ya theluthi moja ya pointi. Wakati huohuo hasara kubwa kabisa imetoka dola 980 hadi dola 1,445. Umepokea dola 35 zaidi na kubeba dola 465 zaidi. Hatari haikwenda mbali, bali imeanzia palepale na kushuka kina kirefu zaidi.

Nahodha_Likoni

Mzee, shikamoo. Hesabu ya 569.45 nakubali, sikuwahi kuiandika hivyo. Lakini nadhani unasahau kwamba soko kufika 555 si jambo la kila mwezi. Ninapokea dola 55 mara kumi kabla ya kukutana na mwezi mmoja mbaya.

Mzee wa Tudor

Marahaba, Nahodha. Mara kumi kwa dola 55 ni dola 550, na mwezi mmoja mbaya kwa namba zako ni dola 1,445. Ingekubidi uwe na miezi mizuri ishirini na sita na ushei kwa kila mmoja mbaya, ikiwa hukufika kilele hata mara moja. Najua kwamba wakati mwingine soko litakaa kati ya 570 na 590 siku ya mwisho na utalipwa vizuri, na hiyo ndiyo sababu ya pekee ya kuwa na muundo huu. Krediti haitoshi kuwa sababu. Bei zenyewe zinakwambia hivyo: spredi ya pointi 10 ikiuzwa kwa 1.05, soko linaikadiria hasara yake kamili kama mara moja katika kumi.

Nawe BintiKizingo, ikiwa kazi yako inahusiana na bandari utakuwa unaikumbuka vizuri wiki ya kwanza ya Aprili 2025, ushuru wa forodha wa Marekani ulipotangazwa. Faharisi ya S&P 500, ambayo XSP ni sehemu yake ya kumi, ilifunga 5,670.97 tarehe 2 Aprili. Siku iliyofuata ilianguka asilimia 4.84, na ya pili yake asilimia 5.97, ikafunga 5,074.08. Muundo wako una mguu wa mwisho asilimia 6.7 chini ya soko. Mtu aliyekuwa na muundo wenye umbali huohuo jioni ya tarehe 2 alipitishwa kilele, mteremko na mguu wa mwisho ndani ya vikao viwili, na mkataba wake ukiwa bado na wiki kadhaa.

Msomi_Majengo

Samahani kwa kuingilia. Nimesoma kwamba hakuna hatari upande wa juu, na mimi naamini Safaricom itapanda. Je, naweza kuufanya muundo huu katika Soko la Hisa la Nairobi ili nipate faida ikipanda?

Mzee wa Tudor

Ndugu yangu, umechanganya mambo mawili. Kutokuwa na hatari upande wa juu hakuna maana ya kupata faida kwa kupanda. Safaricom ikipanda maradufu, mtu wa muundo huu hubaki na krediti yake ndogo ileile. Anayeamini hisa itapanda anunue hisa. Kuhusu soko letu, NEXT, yaani soko la mikataba ya aina hii la Nairobi, ilifunguliwa Julai 2019 kwa fyucha, si kwa opsheni, nao muundo huu unahitaji opsheni za bei tatu tofauti, za tarehe moja, zenye wanunuzi na wauzaji wa kutosha kila upande. Ndiyo maana tunazungumzia fahirisi ya Marekani.

Baba Zuhura

Mimi naomba kuleta kisa changu, kwa sababu nilipoteza katika muundo huu soko likiwa limekaa juu ya kilele chenyewe, na sioni jambo hilo likitajwa hapa.

Nilikuwa natumia SPY, hisa za mfuko unaofuata S&P 500, si XSP. Nilikuwa na puti moja ya 505 niliyoinunua, mbili za 500 nilizoziuza, na moja ya 490 niliyoinunua. Ijumaa ya mwisho kengele ya kufunga soko ililia SPY ikiwa 500.40. Kwetu Mombasa ilikuwa saa tano usiku. Nikahesabu: 505 inanipa 4.60, zile za 500 zimekufa, faida ni dola 460 pamoja na krediti. Nikazima kompyuta nikalala, na kamisheni ya kufunga niliona nimeiokoa.

Sikujua kwamba mwenye puti ya SPY anaweza kutoa maagizo ya kuitumia hata baada ya kengele, hadi saa kumi na moja na nusu jioni ya New York, ambayo ni saa sita na nusu usiku kwetu. SPY iliendelea kuuzwa na kununuliwa baada ya kengele, ikashuka chini ya 499. Walioshika puti za 500 wakazitumia. Jumamosi asubuhi nilikuta puti yangu ya 505 imetumika yenyewe na kuuza hisa 100 kwa 505, na nimekabidhiwa hisa 200 kwa 500. Nikabaki na hisa 100 ambazo hesabu yake ni 495 kila moja, zenye thamani ya takriban dola 49,500, katika akaunti yenye dola 5,000. Ile puti ya 490 iliyokuwa kinga yangu ilikuwa imekufa Ijumaa. Kwa hiyo tangu usiku ule hadi Jumatatu sikuwa na bawa la chini kabisa.

Jumatatu SPY ilifungua 492 na dalali akaziuza mara moja kwa kukosa dhamana. Badala ya faida ya dola 460 nilipata hasara ya kama dola 300. Wala hakukuwa na mtu aliyenikosea, kwani masharti yote yalikuwa yameandikwa.

BintiKizingo

Pole sana, Baba Zuhura. Kwa hiyo nami napaswa kuogopa jambo hilo?

Mzee wa Tudor

Kwa XSP, hapana. Opsheni zake haziwezi kutumiwa kabla ya siku ya mwisho, na siku hiyo hulipwa kwa fedha taslimu kwa bei ya kufunga ya fahirisi. Hakuna hisa inayokabidhiwa mtu, na usiku wa Ijumaa hesabu imekwisha. SPY ni hisa za mfuko, na hukabidhiwa kweli, wakati mwingine hata kabla ya siku ya mwisho puti ikizama sana. Mwenye opsheni ya SPX, yaani ya fahirisi kamili ambayo XSP ni sehemu yake ya kumi, naye ajue kwamba ile ya Ijumaa ya tatu ya mwezi huacha kuuzwa Alhamisi na kuhesabiwa kwa bei za kufungua Ijumaa, kwa hiyo huenda akalala juu ya kilele na kuamka chini ya mteremko.

Lakini kisa cha Baba Zuhura kina funzo ambalo linakuhusu hata katika XSP, nalo ni jinsi hatari inavyohamia wakati. Leo hii, zikiwa zimebaki siku 30, soko likianguka pointi 20 zaidi hadi 560 ndani ya siku chache, hasara yako itakuwa takriban dola 365, kwa makadirio ya mtikisiko wa siku kama hizo. Inauma, lakini si dola 980, kwa sababu zile puti zako mbili za ununuzi bado zina muda. Pointi hizohizo 20, kutoka 580 hadi 560, zikianguka katika siku ya mwisho zinakutoa kwenye faida ya dola 1,020 na kukutupa kwenye hasara ya dola 980. Ni tofauti ya dola 2,000 ndani ya asilimia tatu na nusu ya mwendo. Kadiri kilele kinavyopanda siku zinapopungua, ndivyo na mteremko unavyosimama wima.

Nahodha_Likoni

Basi Mzee atuambie yeye hutoka lini. Mimi husubiri. Nimeona watu wengi wakikimbia kwa hasara soko likigusa 570, kisha siku ya mwisho liko 585 na wao hawapo.

Mzee wa Tudor

Mimi hutoka soko likigusa pale ambapo spredi iliyofichika inaanza, yaani 570 katika mfano huu, ikiwa siku saba au zaidi bado zimebaki. Kwa leo hiyo ingekuwa hasara ya kati ya dola 200 na 300. Naipokea. Sababu yangu ni kwamba chini ya hapo similiki tena kipepeo, bali spredi iliyokwisha kuzama, na sikuingia kwa ajili ya kushika spredi. Ndani ya wiki ya mwisho siendi na alama ya soko peke yake. Hujiuliza kama bado kuna kikao ambacho nitaweza kukitazama hadi mwisho.

Lakini siwezi kusema Nahodha amekosea. Soko likigusa 570 katikati ya safari halijapoteza chochote kwa hesabu ya siku ya mwisho, na nimewahi kutoka mahali ambapo aliyengoja alilipwa. Kwa miaka niliyofanya jambo hili sijapata namba za kunithibitishia kwamba njia yangu inaleta zaidi kuliko yake. Ninachojua ni kwamba hasara zangu zimekaa karibu karibu, na nimeweza kuzibeba.

Dada wa Bamburi

Nina neno moja kuhusu siku ya kufungua. Mimi sifungui soko likiwa shwari. Nangoja lianguke asilimia mbili au tatu na mtikisiko upande, kwa sababu hapo spredi ya chini inauzwa ghali na kipepeo wa juu anakuwa rahisi. Kwa umbali uleule wa asilimia napata krediti kubwa zaidi, na mtikisiko ukipoa ninaufunga mapema.

Mzee wa Tudor

Hesabu yako ni sahihi, dada yangu, na krediti huwa kubwa kweli. Wasiwasi wangu ni kwamba siku za mtikisiko mkubwa ndizo ambazo soko hutembea mbali. Aliyefungua tarehe 3 Aprili 2025 baada ya anguko la asilimia 4.84 alipata bei nzuri sana, na kesho yake alikutana na asilimia 5.97.

Dada wa Bamburi

Na aliyefungua tarehe 5 Agosti 2024, S&P 500 ilipoanguka asilimia 3, alilipwa, kwa sababu mtikisiko ulipoa ndani ya siku chache. Kila mmoja wetu ana siku yake ya kutaja, Mzee.

Mzee wa Tudor

Hilo nakubali.

BintiKizingo

Narudi na habari. Nimekaa na muundo wangu, nikiwa nimeandika kwenye daftari kwamba nikiona 570 natoka. Soko lilizunguka kati ya 574 na 588 bila kufika huko. Siku 12 zilipobaki XSP ilikuwa 578, karibu kabisa na kilele, na thamani ya muundo ilikuwa sifuri. Yaani ningeufunga ningebaki na zile dola 20 zangu na kulipa kamisheni. Nilishangaa, ingawa Mzee alikwisha kunieleza. Siku 18 zilipita soko likiwa karibu na mahali nilipopataka, na malipo yake yalikuwa kutoka hasara ya dola 150 hadi hakuna kitu.

Nahodha_Likoni

Sasa ndipo pesa zinapoanza, dada. Wiki ya mwisho ndiyo inayolipa.

Baba Zuhura

Na ndiyo inayonyang'anya. Andika oda yako ya kufunga mapema, miguu yote minne kwa pamoja. Usifunge mguu mmoja mmoja, kwa sababu ukiuza ile ya 560 kwanza ili upate senti chache unabaki na puti ya 580 isiyo na kinga.

BintiKizingo

Nimeufunga jana, zikiwa zimebaki siku tano na XSP ikiwa 579. Programu ilionyesha thamani ya 2.50 katikati ya bei ya kununua na ya kuuza. Niliweka oda moja ya miguu yote minne kwa 2.50 saa kumi na mbili jioni, nikakaa dakika arobaini bila kujibiwa. Nikashusha hadi 2.45, kimya. Nikashusha hadi 2.40, ikajibiwa. Pamoja na 0.20 ya mwanzo ni dola 260. Kamisheni ya kuingia na kutoka, kwa senti 65 kwa kila mkataba, ilikuwa dola 5.20. Nimeona wazi kwamba senti kumi nilizoziachia kwenye oda ni nusu ya krediti yote niliyoanza nayo, kwa hiyo mtu akiingia kwa bei mbaya hata hiyo ahadi ya upande wa juu huondoka.

Nahodha_Likoni

Dola 260 kati ya 1,020. Mimi ningengoja hadi Ijumaa.

BintiKizingo

Huenda ungelipwa, kaka. Lakini Ijumaa hii tuna meli mbili zinazoshusha na zamu yangu ni ya usiku, na saa tano sitakuwa mbele ya kompyuta. Mzee, swali langu linalofuata: nikiufungua tena mwezi ujao, je, niununue ule mguu wa chini mahali palepale, au nilisogeze bawa karibu, 565, nipoteze krediti yote na nilipe kidogo? Nimepiga hesabu, na naona ningelipa senti chache kwa hatari ya juu ili nipunguze karibu nusu ya hatari ya chini.

Mzee wa Tudor

Puti ya 565 ingekuwa kama 2.40 siku ile, kwa hiyo ungelipa 0.30. Ungepoteza dola 30 soko likipanda, na dola 530 likianguka kabisa, badala ya 980. Hapo utakuwa huna tena muundo wa krediti, na wengi humu watakwambia umeuharibu. Mimi ninavyofungua siku hizi ni hivyo hasa.